Kidege, kibuzi, kijia, kigoma: namna ya kuchora jiometri ya sifa kwa nazali ya Kiswahili

Andika kwenye karatasi maneno manne ya udogo: kidege, kibuzi, kijia, kigoma. Ondoa ki-, kisha rudisha kila neno kwenye hali yake ya kawaida. Unapata ndege, mbuzi, njia, ngoma. Mashina hayajabadilika, ni dege, buzi, jia na goma, ila mbele ya kila shina pameingia nazali, yaani sauti inayopitisha hewa puani, na nazali hiyo haiko sawa kote. Mwanafunzi ukimuuliza kilichotokea atakujibu haraka: "Ni n, ila mbele ya b inageuka m." Hajakosea sana. Ila amekuambia kinachotokea mbele ya herufi moja tu, wakati sauti hizi zote zinafanya jambo lilelile kwa pamoja.

Jiometri ya sifa ni njia ya kulichora jambo hilo moja kwa kupanga kwenye mti sifa za sauti, yaani vipande vidogo vinavyoiunda kila sauti, kama midomo kufunga au nyuzi sauti kutetemeka. Wanafunzi wanaokuja kwangu jioni hapa Dodoma kuomba msaada wa fonolojia wengi wanaijua kwa sura: mti wenye mzizi juu, matawi chini, mabano ya mraba kwenye ncha. Wanaukariri kama ramani. Nami niliukariri hivyohivyo, nikauchora kwenye jaribio langu la kwanza bila kukosea tawi hata moja, na mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Unajuaje?" Nilikasirika wiki nzima. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kila kifundo kwenye mti ule ni dai. Ukichora kifundo kinachobeba sifa tatu, unadai kwamba sifa hizo husafiri pamoja, na msomaji ana haki ya kukuuliza umeziona wapi zikisafiri. Kwa hiyo hapa chini mti tutauchora mwishoni, baada ya kuwa na cha kuuchorea.

Kwanza, sikiliza, tahajia iweke kando

Tahajia ya Kiswahili ni rafiki wa msomaji, lakini kwa kazi hii inadanganya. Tumeandika n kwenye ndege, njia na ngoma kana kwamba ni sauti moja. Sema "ngoma" polepole na usimame kabla hujafika kwenye g. Ulimi uko wapi? Ncha yake imelala chini, karibu na meno, na mgongo wake umepanda hadi kwenye kaakaa laini. Hiyo ni sauti ileile ya mwanzo wa ng'ombe. Kwenye "njia" bapa la ulimi limegusa nyuma ya ufizi, karibu sana na ny ya nyanya. Kwenye "ndege" ncha imegusa ufizi. Kwenye "mbuzi" ulimi hauna kazi, midomo imefunga. Ongeza na "mvua": ukisimama kabla ya v utakuta meno ya juu yamekaa juu ya mdomo wa chini, si midomo miwili iliyofungana kama kwenye mbuzi. Herufi mbili, m na n, zimebeba nazali tano.

Binti mmoja kutoka Bahi alikataa katakata kwamba ngoma haina n. Nikampa kijiko safi, nikamwambia akandamize ncha ya ulimi chini kwa mgongo wa kijiko, kisha aseme "ndege". Haikutoka, alitoa kitu kama "ngege" akacheka mwenyewe. Nikamwambia aseme "ngoma" kijiko kikiwa palepale. Ikatoka safi kabisa. Kama nazali ya ngoma ingekuwa n ya ncha ya ulimi, kijiko kingeizuia. Jaribio hili halihitaji maabara, na linafaa kufanywa kabla ya kuandika alama yoyote.

Hakikisha ni nazali moja unayoichunguza

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kiswahili kina viambishi viwili vinavyofanana machoni. Tazama shina moja likivaa vyote viwili: mtoto mdogo, nyumba ndogo, mti mgumu, kazi ngumu, mtu mgeni, lugha ngeni, mtu mzuri, habari nzuri. Katika ngeli ya nyumba na habari nazali inalifuata shina. Katika ngeli ya mtu na mti m inabaki m, hata mbele ya d, g na z. Ukizichanganya data hizi utaona kwamba kanuni yako inafanya kazi nusu ya wakati, na utaanza kubuni visingizio.

Sababu ni kwamba m ya mtu ilikuwa mu. Masalia yake yako kwenye mwalimu na mwana, ambako u imegeuka w mbele ya irabu, na ukisafiri kidogo tu kutoka mjini utaisikia ikiwa nzima: Mgogo anasema munhu, akimaanisha mtu. Kwa kuwa irabu ilikaa katikati ya m na shina, nazali haikugusana na konsonanti iliyofuata. Irabu ilipodondoka, m ikabaki kuwa silabi yenyewe. Piga makofi ukitamka: m-do-go ni makofi matatu, ndo-go ni mawili.

Makofi yanasaidia hasa pale macho yanaposhindwa. "Mtu mbaya" na "habari mbaya" zinaandikwa sawa, lakini ya kwanza ni m-ba-ya na ya pili ni mba-ya. Mbuni wa nguo ni m-bu-ni. Mbuni anayekimbia porini ni mbu-ni. Chukua data yako kwenye makofi mawili, achana na matatu.

Pia weka kando maneno ya mkopo kama barua, dawa na benki. Yako katika ngeli ileile lakini hayana nazali mbele. Vivumishi vyake ndivyo vinavyoivaa: barua ndefu, dawa mbaya. Weka kando vilevile mashina yanayoanza na irabu, kama nyeupe na nyingi, kwa sababu hapo hakuna konsonanti ya kufuatwa. Na weka kando nyumba kubwa, njia pana, chai tamu, ambako nazali haionekani kabisa. Hizi za mwisho tutazirudia.

Andika kila sauti inatumia kiungo gani

Sasa data iliyobaki ni safi: b, d, j, g, na vikwamizo v na z, ambazo hewa yake inakwaruza ikipita. Kwa kila sauti uliza swali moja: ni kiungo gani cha kinywa kinachofanya kazi? Viungo tunavyohitaji ni vitatu. MIDOMO, NCHA, yaani ncha ya ulimi pamoja na bapa lake, na MGONGO, yaani mgongo wa ulimi. Hivi havihesabiwi kwa alama za kujumlisha na kutoa. Kiungo kipo au hakipo. Kinachopewa alama ni maelezo ya ziada chini ya kiungo. Kwa NCHA tunahitaji [mbele]: d na z zinatamkwa kwenye ufizi, kwa hiyo ni [+mbele], j inatamkwa nyuma yake, ni [-mbele].

```
       MIDOMO   NCHA      MGONGO
b, v     ipo
d, z             [+mbele]
j                [-mbele]
g                           ipo
```

Ukiweka nazali ulizozisikia kwenye jedwali hilohilo, kila moja inakaa mstari mmoja na konsonanti inayoifuata. Hadi hapa hujatumia nadharia yoyote.

Jaribu kwanza kuandika bila mti

Hatua hii watu huiruka, na mimi nasisitiza isirukwe, maana bila hiyo mti unakuwa pambo. Katika fonolojia ya Chomsky na Halle ya mwaka 1968 kila sauti ilikuwa furushi la sifa, zote zikiwa sawa, hakuna iliyo ndani ya nyingine. Kwa mtindo huo kanuni yetu inaandikwa hivi:

```
[+nazali] → [α midomo, β ncha, γ mbele, δ mgongo]
            / __ [α midomo, β ncha, γ mbele, δ mgongo]
```

Herufi za Kigiriki zinamaanisha tu "alama yoyote iliyo huko, iwe hiyohiyo huku". Kanuni inatoa matokeo sahihi. Tatizo ni kwamba mtindo huohuo unaniruhusu, kwa wino uleule, kuandika hii:

```
[+nazali] → [α midomo, β ghuna, γ endelezi]
            / __ [α midomo, β ghuna, γ endelezi]
```

Yaani nazali ifuate midomo, mtetemo wa nyuzi sauti, na kupita kwa hewa kinywani, lakini isijali ncha wala mgongo wa ulimi. Hakuna anayetarajia kukutana na lugha ya namna hiyo. Ila furushi halina namna ya kusema kwamba orodha ya kwanza ni familia na ya pili ni watu waliokutana stendi. Nadharia inayoruhusu yote mawili kwa bei moja haijaeleza chochote kuhusu mbuzi na ndege.

Mwanafonolojia Clements alilishika tatizo hilo mwaka 1985 kwa kupendekeza kwamba sifa zimepangwa chini ya vifundo, na kwamba kanuni moja hugusa kitu kimoja: ama sifa moja, ama kifundo kimoja na vyote vilivyo chini yake. Mwaka uliofuata Sagey akakigawa kifundo cha mahali kwa viungo, MIDOMO, NCHA na MGONGO, ndivyo hivi tulivyovitumia kwenye jedwali.

Aliyekaa Dodoma msimu wa zabibu ana picha yake tayari. Shika kichala. Unaweza kuchuma punje moja; hiyo ni sifa moja kubadilika. Unaweza kukata kikonyo kidogo cha pembeni, na punje zote zilizoshikwa nacho zikaja pamoja. Hicho ni kifundo. Unaweza kukata kikonyo kikuu ukaondoka na kichala chote. Huo ni mzizi. Usichoweza kufanya kwa mkato mmoja ni kuchukua punje mbili za upande huu na moja ya upande ule ukaacha zilizo katikati yao.

Sasa chora

Mti wa sauti moja, ukipunguzwa hadi vifundo tunavyovihitaji kwa data yetu, ni huu:

```
              MZIZI
        /     |     |     \
  ZOLOTO  [nazali] [endelezi]  MAHALI
     |                       /   |    \
  [ghuna]               MIDOMO  NCHA  MGONGO
                                 |
                              [mbele]
```

ZOLOTO ni mambo ya nyuzi sauti: kutetemeka au kutotetemeka, na pumzi. MAHALI ni mambo ya kinywani. Kuhusu [nazali] na [endelezi] zining'inie wapi hasa, wanafonolojia hawajakubaliana. Wengine wanaziweka chini ya vifundo vingine. Kwa kazi yetu nimeziacha kwenye mzizi, na utaona muda si mrefu kwamba data yetu inahitaji jambo moja tu: zisiwe chini ya MAHALI.

Ili kuchora usilimisho wenyewe, yaani nazali kumfuata jirani yake, weka mizizi miwili sambamba, wa nazali kushoto na wa konsonanti kulia. Nazali yetu ipe unazali tu, usiipe MAHALI. Kisha vuta mstari wa nukta kutoka mzizi wa nazali hadi kwenye MAHALI ya jirani.

```
MZIZI (N)          MZIZI (d)
[+nazali]              |
        . .            |
            . .        |
                .  MAHALI
                       |
                     NCHA
                       |
                    [+mbele]
```

Mstari mmoja wa nukta. Badilisha d kwa b, mstari ni uleule, ila chini ya MAHALI kuna MIDOMO, nazali inatoka m. Weka j, inapata NCHA pamoja na [-mbele] yake, bila wewe kuitaja [mbele] mahali popote. Weka g, inapata MGONGO. Hata mvua imo: mstari ukishika MAHALI unachukua pia namna MIDOMO inavyotumika, ndiyo maana meno yalikuwa yameshakaa kwenye mdomo kabla v haijaanza. Herufi nne za Kigiriki zimekwisha, na ile kanuni ya ajabu ya midomo, ghuna na endelezi haiwezi tena kuandikwa kwa mstari mmoja. Ungehitaji mitatu, kila mmoja na hoja yake.

Kosa la kawaida hapa ni kuvuta mstari kutoka MZIZI hadi NCHA moja kwa moja, ukiiruka MAHALI. Mchoro unaonekana sawa kwa ndege, lakini ukija kwenye mbuzi utalazimika kuchora mwingine wa MIDOMO, na kwenye ngoma mwingine wa MGONGO. Ukiona umechora michoro mitatu kwa jambo moja, mstari wako umeshika chini mno.

Jaribu kuuvunja

Sehemu hii ndiyo jibu la "unajuaje?" Kila kitu ambacho hakikusafiri ni ushahidi wa mpaka wa kifundo, kwa hiyo tafuta vilivyobaki nyumbani.

Anza na z. Katika nzuri na nzige nazali imefuata mahali pa z, ufizi. Lakini z ni kikwamizo, hewa yake inapita kinywani bila kukatika, na nazali haikuiga hilo. Kinywa chake kimeziba kama kawaida ya n. Kwa hiyo [endelezi] haikusafiri na MAHALI. Ingekuwa chini ya kifundo hicho, ingebebwa.

Kisha [ghuna]. Hapa kuna mtego, na nimeuona kwenye madaftari mengi. Sauti zote za data yetu, b, d, j, g, v, z, ni ghuna, na nazali nayo ni ghuna. Mtu anaweza kudai kwamba ughuna nao umesafiri, na kwa data hiyo huwezi kumkatalia. Unahitaji nazali mbele ya sauti isiyo ghuna. Kiswahili kinazo chache, kwenye mashina mafupi ya silabi moja yanayong'ang'ania nazali yao ili neno lipate silabi mbili: nta na nchi. Kwenye nta nazali iko kwenye ufizi pamoja na t. Kwenye nchi iko nyuma ya ufizi pamoja na ch. Simama kabla ya ch usikie. Mahali pamefuatwa. Weka vidole kooni: nazali bado inatetemesha, ingawa t na ch hazitetemeshi. ZOLOTO ilibaki kwake. (Usitumie "mpya" kwa ushahidi huu. Mtu mpya na nyumba mpya zinatamkwa sawasawa, na huwezi kumwonyesha mtu m ipi ni ya kufuata na ipi ni ile ya mu.)

Kuna upande ambao mti hausaidii sana, nao usifichwe. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Kamba ndefu, shina -refu. Wingu moja, mbingu; -wili, mbili. Hapa nazali imefuata mahali kama kawaida, lakini konsonanti nayo imebadilika: l na r zimekuwa d, w imekuwa b. Hewa iliyokuwa ikipita sasa imekatwa. Wanafunzi hupenda kulisukumia jambo hili kwenye mstari uleule wa MAHALI ili kazi iishe. Haliingii. Hii ni safari nyingine, inakwenda upande wa pili, kutoka nazali kwenda kwa jirani, na inachobeba ni kuziba kwa kinywa. Tena inachagua: l, r na w zinaziba, lakini z ya nzuri na v ya mvua zinakataa. Andika kanuni ya pili, ipe mstari wake wa [endelezi], na useme wazi kwamba inagusa tu zile sauti laini ambazo hewa yake haikwaruzi. Kwa nini l na w ziwe kundi moja hapo na v ibaki nje, mti niliouchora hausemi.

Kama unataka kuona mkato wa kikonyo kikuu, Kiarabu tunachokitumia kila siku kinatosha. Alhamdulillahi inabaki na l ya al-. Lakini katika asalamu aleikum l hiyo haipo. Kwa Kiarabu chenyewe inatamkwa as-salamu, s mbili. l haikuchukua mahali tu, imechukua kila kitu cha s, pamoja na kutotetemeka kwake. Mstari wa nukta hapo unashika MZIZI. Tena haifanyiki mbele ya kila konsonanti: mbele ya h ya alhamdulillahi hakuna kitu, na zinazoivuta l ni sauti za NCHA, kama ilivyo l yenyewe.

Zile zilizokosa nazali, na kibao cha Ng'hong'onha

Turudi kwa nyumba kubwa na njia pana. Kanuni yetu ingetaka nazali mbele ya k na p, na haipo. Wasemaji wa pwani, hasa wazee, wanaitamka pana ya njia pana kwa mpumuo, pumzi inayotoka nyuma ya p. Wao ndio wanaotenganisha kaa la moto, lisilo na mpumuo, na kaa wa baharini, mwenye mpumuo. Huku bara wengi wetu tofauti hiyo hatunayo. Nazali imekwenda, na palipokuwa na nazali na kipasuo, yaani sauti inayoziba hewa kisha kuiachia kama p na k, pamebaki kipasuo chenye pumzi.

Kigogo kilianzia mahali palepale kikachukua njia nyingine. Umbo la kale unalijua, limo ndani ya neno Bantu lenyewe: ntu. Kiswahili kina mtu. Kigogo kina munhu, na wingi wanhu. Sikiliza nh hiyo. Si n ikifuatiwa na h kama sauti mbili zilizopangwa foleni. Ni nazali inayotoka pamoja na pumzi. Kipasuo t ndicho kilichokwenda, pumzi yake ikahamia kwenye nazali.

Ichore. Nazali ilikuwa na MAHALI ya t, NCHA [+mbele], kwa mstari uleule wa nukta tuliouvuta kwa ndege. Mzizi wa t unafutwa. Pumzi, iliyokuwa chini ya ZOLOTO ya t, inaunganishwa na mzizi wa nazali. Mistari miwili tofauti imeshika vifundo viwili tofauti, na ndiyo maana matokeo ni nazali ya ufizi yenye pumzi, si nazali ya mahali pengine. Kama ZOLOTO na MAHALI zingekuwa kifundo kimoja tusingeweza kueleza kwa nini pumzi iliungana na nazali baada ya nazali kuwa na mahali pake, wala kwa nini Kiswahili kilihifadhi pumzi kwenye kipasuo na kuiacha nazali ipotee. Vipande ni vilevile, mstari uliokatwa ndio tofauti.

Dai hilo linatabiri jambo la kupimwa: kama pumzi haitegemei mahali, inapaswa kuonekana na nazali za mahali tofauti, si ya ufizi peke yake. Tahajia ya Kigogo ina mh, nh na ng'h. Nilikuwa nikilieleza hilo ubaoni kwa kundi la watu wanne, nikatafuta mfano wa neno lenye mbili kwa pamoja, nikakwama. Yule binti wa Bahi akasema, "Mwalimu, si Ng'hong'onha?" Kata hiyo imo ndani ya jiji, jina lake tunalipita kwenye vibao, na makonda wengi hulisema bila pumzi hata moja. Akalitamka yeye, polepole, mkono mbele ya mdomo ili aisikie hewa: ng'h ya mwanzo, mgongo wa ulimi juu, kisha nh ya mwisho, ncha kwenye ufizi. Pumzi ileile, viungo viwili. Wenzake watatu wakaanza kulirudia, wakalikosa, akawasahihisha, na mimi nikakaa chini.